Sura ya Sita: Barua ya Kumnyima Mteja

Aghalabu mtu anayelazimika kumwandikia mteja habari isiyopendeza huianza kazi yake kwa kutafuta maneno ya kumpoza mtu ambaye bado hajaungua, na kwa kuwa maneno hayo ni mengi na upatikanaji wake ni rahisi, hujikuta amejaza ukurasa mzima wa salamu, shukurani, historia na udhuru kabla hajalitamka lile neno moja ambalo mteja aliifungua barua ili alisome. Katika sura hii sitazungumza juu ya adabu za barua zote. Nitaitwaa barua pepe moja tu, niiweke mbele ya msomaji kama ilivyoandikwa mara ya kwanza, nionyeshe palipokatwa na kwa nini pakakatwa, kisha niiweke tena katika sura yake ya mwisho, ili yeye mwenyewe awe kadhi kati ya hizo mbili.

Tuseme kipo kiwanda cha kupiga chapa katika jiji la Dar es Salaam, na chama cha akiba na mikopo cha mkoa jirani kimeagiza huko kalenda za ukutani za mwaka 2026, jumla yake 3,000, kila moja ikiwa na jalada na karatasi sita za miezi miwili miwili, zilizofungwa juu kwa waya. Kabla ya kuchapa, kiwanda kilimpelekea katibu wa chama nakala ya kusahihisha, ambayo wapiga chapa wenyewe huiita prufu, naye akaipitia, akatia saini tarehe 27 Novemba, akairudisha. Kalenda zikachapwa, zikapelekwa, zikafunguliwa. Na hapo ndipo ilipodhihiri kwamba katika nambari ya simu iliyo kwenye jalada, tarakimu mbili za mwisho zimebadilishana nafasi. Ijumaa tarehe 12 Desemba katibu akaandika, kwa ghadhabu ambayo mtu hawezi kumlaumu, akitaka kalenda zote zichapwe upya bila malipo na zifike kabla ya Krismasi. Kiwanda kikatazama kumbukumbu zake, kikaikuta kasoro ileile ndani ya prufu yenye saini, kikakata shauri kwamba hakitachapa upya kwa gharama yake. Bibi anayesimamia mambo ya wateja akaketi siku ya Jumatatu kuandika jibu, na hili ndilo lililotoka mkononi mwake mara ya kwanza:

Mada: KUHUSU KALENDA

Ndugu Katibu,

Habari za kazi. Natumaini u mzima wa afya na kwamba shughuli za chama zinaendelea vyema. Awali ya yote tunapenda kutoa shukurani zetu za dhati kwa kuendelea kutuamini kwa miaka yote hii, kwani kwetu wewe si mteja tu bali ni ndugu. Tumepokea barua pepe yako ya tarehe 12 Desemba na tumeishughulikia kwa uzito unaostahili.

Kama unavyofahamu, kazi ya uchapaji ina hatua nyingi, na katika kila hatua tunajitahidi kuzingatia ubora. Kwa bahati mbaya msanifu wetu aliyezoea kazi zenu alikuwa likizo katika kipindi hicho. Vilevile bei ya karatasi imepanda sana mwaka huu na mwezi wa Desemba tunakuwa na kazi nyingi. Pia tungependa kukumbusha kuwa tarehe 27 Novemba uliletewa prufu na ukaisaini.

Hivyo basi, kwa kuzingatia hayo yote, itakuwa vigumu kwa sasa kutekeleza ombi lako kama lilivyo, ingawa tunaendelea kuangalia namna ya kusaidiana. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

Kwa lugha, barua hii haina doa kubwa, na yamkini wakubwa wengi maofisini wangeipitisha bila kubadili nukta. Lakini na tumfuate katibu anavyoipokea. Yumo ndani ya daladala au yumo kikaoni, na simu yake inamwonyesha mada pamoja na maneno machache ya mwanzo, nayo maneno hayo ni habari za kazi na matumaini ya afya yake. Anafungua. Aya ya kwanza haimpi kitu, bali inamtia shaka, maana mtu aliyeandika kwa hasira akajibiwa kwa kuitwa ndugu hujua mara moja kwamba kuna jambo linazungukwa. Aya ya pili anaisoma upesi, jicho likitafuta neno ndiyo au neno hapana, na yote mawili hayamo. Anapofika aya ya tatu anakuta kwamba ombi lake ni gumu kwa sasa na kama lilivyo, na kwamba kiwanda kinaendelea kuangalia namna. Je, amekataliwa? Mwandishi anaamini kwamba amemkatalia kwa upole. Msomaji ana haki kamili ya kuamini kwamba akingoja kidogo, au akilipunguza ombi lake kidogo, atakubaliwa. Jibu litakalorudi jioni ile si ghadhabu wala maridhiano, bali ni swali: kwa hiyo zitakuwa tayari lini? Swali hilo ndilo dalili ya hakika kwamba barua ya kumnyima mteja haikufanya kazi yake, na kila aliyewahi kukaa dawati la wateja amewahi kulipata.

Kazi ya kwanza ya kusahihisha, kwa hiyo, ni kuutafuta uamuzi mahali ulipojificha. Katika barua zetu za Kiswahili si kazi ngumu, kwa kuwa karibu kila mara umelala nyuma ya maneno hivyo basi, au kwa mantiki hiyo, au kwa kuzingatia hayo yote, kuelekea mwisho wa barua. Weka kidole hapo. Itoe sentensi hiyo, ipandishe hadi iwe ya kwanza baada ya salamu, kisha uisome peke yake kama mtu asiyejua lolote linalofuata. Hapo ndipo mwandishi wetu alipogundua kwamba alichokipandisha hakikuwa uamuzi. Itakuwa vigumu kwa sasa kutekeleza ombi lako kama lilivyo: ikisimama peke yake juu ya ukurasa, bila mito ya maneno kuizunguka, sentensi hiyo haisemi kitu, na haya yake inaonekana waziwazi. Faida kubwa ya kutanguliza uamuzi, hata kabla ya kumfikiria msomaji, ni hii ya kumlazimisha mwandishi awe nao.

Akaandika badala yake: Hatutachapa upya kalenda hizi kwa gharama yetu. Alisita kati ya hatutaweza kuchapa na hatutachapa, na kusita huko kulikuwa na maana, kwa kuwa la kwanza lina upole unaozoeleka lakini linadai kwamba mitambo haiwezi au fedha hazipo, madai ambayo si kweli na ambayo mteja anaweza kuyajaribu kwa maswali. La pili ni kavu zaidi, ila ni kweli. Nami nakubaliana naye alipochagua la pili, maadamu upole una mahali pengine pa kukaa katika barua, kama tutakavyoona.

Kazi ya pili ni kupunguza sababu, na hapa ndipo kalamu inapostahili kuwa kali. Katika barua ya kwanza zimo sababu nne: msanifu alikuwa likizo, karatasi imepanda bei, Desemba ina kazi nyingi, na katibu alisaini prufu. Waandishi wengi hudhani kwamba sababu nne zina nguvu mara nne ya sababu moja. Mteja aliyekasirika hazijumlishi. Huichagua iliyo dhaifu kuliko zote akaijibu hiyo, na akiishaivunja hujiona ameivunja barua nzima. Kila sababu basi na iulizwe swali moja: lau wewe usingekuwapo, uamuzi ungebadilika? Lau msanifu yule angekuwa kazini, je, kiwanda kingechapa upya bure? La. Tena sababu hiyo ina sumu ndani yake, kwani inamwambia mteja kwamba kazi yake ilishikwa na mtu asiyeizoea, na kwa hiyo kosa ni la kiwanda; mwandishi ametaka kujitetea akajishitaki. Lau karatasi ingekuwa bei ya mwaka jana, je? La vilevile, na hatari yake ni ya namna nyingine, maana inamwalika katibu aseme kwamba karatasi atainunua yeye, na mara mazungumzo yanageuka kuwa ya bei ya karatasi. Wingi wa kazi za Desemba unaathiri tarehe tu, hauathiri nani alipe. Inabaki saini ya tarehe 27 Novemba. Lau isingekuwapo, yaani lau kiwanda kingechapa bila prufu kukubaliwa, au lau prufu ingekuwa sahihi na jalada likatoka na kosa, uamuzi ungegeuka mara moja na gharama yote ingekuwa ya kiwanda. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine tatu ni masimulizi.

Sababu iliyobaki ipewe sentensi moja au mbili, na ushahidi wake uambatishwe ili maneno yasibebeshwe kazi ya kuthibitisha. Mwandishi akaipiga picha prufu yenye saini na kuitia pamoja na barua. Hapa pia kuna neno la kuangaliwa. Tungependa kukumbusha kuwa uliletewa prufu ukaisaini ni kauli inayomnyooshea mtu kidole, na kidole hicho hakiongezi hata chembe ya ukweli. Kusema kwamba nambari iliyo kwenye jalada ni ileile iliyomo ndani ya prufu iliyosainiwa kunalieleza tukio kwa kulianzia kwenye karatasi badala ya kulianzia kwa mtu, na katibu, ambaye kwa hakika atakuwa na wajumbe wa bodi wa kuwaeleza, anabakiziwa heshima yake.

Najua lipo pingamizi, nalo si la kudharauliwa: kwamba Mswahili hamvamii mtu kwa habari mbaya, na kwamba kumwambia mteja hapana katika sentensi ya kwanza ni tabia ya kigeni isiyo na adabu. Nalijibu kwa kuzitazama barua za wazee wetu wa pwani, zile zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu kutoka Lamu, Mombasa, Unguja na Bagamoyo. Zilikuwa na dibaji ya taadhima, jina la mwandikiwa likivikwa sifa zake, hali zikaulizwa na kuelezwa. Lakini dibaji hiyo ilikuwa na mpaka. Ilipokwisha, mwandishi aliandika wa baada, au baada ya salamu nakuarifu, na lililofuata lilikuwa jambo lenyewe, liwe la deni, la msiba au la bidhaa isiyofika. Salamu haikuchanganywa na hoja, wala haikutumiwa kuichelewesha. Kwa hiyo habari za kazi na ibaki mahali pake. Atakayeifuta kwa kudhani kwamba ndiyo adui amekosea. Kinachostahili kuondoka ni kile kinachojipenyeza kati ya salamu na jambo: shukurani ambazo hazikuletwa na chochote, undugu uliozaliwa asubuhi ile, na maelezo ya hatua za uchapaji kwa mtu ambaye hakuuliza.

Desturi ya kutanguliza maneno ya kupoza, kinyume cha inavyodhaniwa, imetiwa nguvu sana na vitabu vya ukatibu na biashara vya Kiingereza, ambavyo kwa miaka mingi viliwafundisha wanafunzi kwamba barua ya kukataa ianze kwa aya ya kulainisha, zifuate sababu, kisha ndipo uamuzi, na mwisho maneno ya matumaini. Mwaka 1999 mwanazuoni wa Marekani, Kitty Locker, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kwa barua za kuwanyima mkopo na kuwanyima nafasi ya masomo, na akaonyesha kwamba aya ile ya kulainisha haikubadilisha kwa kiasi cha maana namna wasomaji walivyoipokea barua, na kwamba kumsifia mtu bidhaa au huduma kwa nguvu mwishoni mwa barua ya kumkatalia kulileta madhara. Barua zile zilikuwa za watu wengine, lakini mteja aliyenyimwa kisha akakaribishwa kwa bashasha alete kazi zake zote za mwaka ujao anatazamiwa kuudhika popote alipo.

Sasa barua iliyosahihishwa:

Mada: Uamuzi kuhusu ombi la kuchapa upya kalenda za 2026

Ndugu Katibu,

Habari za kazi.

Hatutachapa upya kalenda hizi kwa gharama yetu. Nambari ya simu iliyo kwenye jalada ni ileile iliyomo ndani ya prufu iliyosainiwa tarehe 27 Novemba, nasi tulichapa kwa kuifuata. Nakala yake nimeiambatisha.

Tunachoweza kufanya ni kuchapa majalada mapya 3,000 na kuzifunga kalenda upya kwa shilingi 1,050,000. Hiyo ni bei ya karatasi, bamba, wino na waya. Kazi ya mafundi hatutaitoza. Karatasi sita za ndani hazina kosa na zitabaki.

Ukinijibu kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 18 Desemba, utazipokea Jumanne tarehe 23. Ikipita hapo, kiwanda kitafungwa kwa sikukuu hadi Jumatatu tarehe 5 Januari.

Najua ulikusudia kuzigawa kabla ya Krismasi, na kwamba gharama hii hukuitazamia. Leo alasiri nitakuwapo ofisini ukitaka tuzungumze kwa simu.

Msomaji ataona kwamba mada haikubeba lile hapana. Wapo wanaoshauri libebwe, nami sikubaliani nao katika barua za wateja, kwa kuwa mada huonekana kwenye kioo cha simu iliyolala mezani, na huonekana na karani anayefungua sanduku la barua la ofisi, ilhali katibu anastahili kuwa wa kwanza kujua. Mada na iseme kwamba uamuzi umo ndani na ni wa jambo gani. Sentensi ya kwanza ndiyo iuseme.

Ataona pia kwamba sehemu ndefu kuliko zote sasa ni ile ya njia iliyobaki, ambayo katika barua ya kwanza ilikuwa maneno manne tu, kuangalia namna ya kusaidiana. Haya ndiyo mapato ya kukata. Nafasi iliyokuwa ya likizo ya msanifu na bei ya karatasi imepewa kiasi cha fedha, siku na saa, vitu ambavyo katibu anaweza kuvipeleka mbele ya bodi na kuviamulia. Lakini sharti moja halina msamaha: njia hiyo iwe imekwisha kukubaliwa ndani ya kiwanda kabla barua haijatumwa, fundi ameulizwa kama waya unaweza kufunguliwa bila kuzirarua karatasi, na mhasibu ameidhinisha kutotozwa kwa ufundi. Njia inayotangazwa leo na kufutwa kesho humfanya mteja apokee habari mbaya mara mbili.

Na huruma imewekwa karibu na mwisho, katika sentensi moja inayolitaja jambo lake mahususi, yaani ugawaji wa kabla ya Krismasi na gharama isiyotazamiwa. Ile kauli ya kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza imeondoka, nami siijutii, kwa maana neno wowote hapo linadai kwamba hatujui usumbufu wenyewe ni upi, na katibu alikwisha tueleza. Lau kosa lingekuwa la kiwanda, radhi ingepanda hadi sentensi ya pili, mara baada ya uamuzi, tena bila sababu yoyote kati yake na uamuzi.

Kuna mahali ambapo mpango huu haufai, na ni vyema kupataja. Habari ikiwa kubwa kiasi cha kumwangusha mteja, kama vile kuvunja mkataba anaoutegemea kwa mwaka mzima, au mteja akiwa mzee ambaye mmejuana kwa muda mrefu na angehesabu barua kuwa ni dharau, mpigie simu kwanza, umwambie kwa mdomo, kisha barua pepe ifuate siku hiyohiyo kama kumbukumbu ya mliyozungumza. Na saini ikiwa na mgogoro, mathalani mtu aliyesaini hakuwa na mamlaka ya kusaini, barua isiandikwe kabla hoja hiyo haijachunguzwa; uamuzi uliotangulizwa kwa uwazi kisha ukageuzwa huaibisha zaidi kuliko ule uliofichwa.

Yamkini katibu hataridhika. Ataandika tena, pengine kwa herufi kubwa, akisema kwamba mpiga chapa ndiye fundi na alipaswa kuliona kosa. Usimjibu kwa zile sababu tatu ulizozifuta, ingawa sasa zitakuja zenyewe zikiomba kurudi. Mjibu kwamba umeisoma hoja yake, kwamba uamuzi haujabadilika, kwamba majalada bado yanaweza kuchapwa kwa shilingi 1,050,000, na kwamba mwisho ni Alhamisi saa sita mchana.